Mteja Yuko Kata Gani? Kanuni ya Witiri na Shufwa katika Kugawa Nukta kwa Maeneo

Mamlaka inayosambaza maji katika mji mdogo hutunza daftari la wateja wake. Siku hizi daftari hilo huwa ndani ya kompyuta, na kando ya namba ya kila dira ya maji huandikwa majira ya mahali ilipofungwa, yaani longitudo na latitudo zilizosomwa kwa simu au kwa kipokezi cha setilaiti. Mji wa Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, uko karibu na longitudo 33.65 mashariki na latitudo 9.25 kusini. Mteja akiulizwa anakaa wapi, mara nyingi hujibu tu "Tukuyu", ilhali mji huo umegawanyika katika kata kadhaa, zikiwamo Bulyaga, Bagamoyo, Makandana, Msasani na Kawetele.

Mgawanyo huo una uzito wake. Idadi ya watu hutolewa na sensa kwa kufuata kata. Anayetaka kujua ni kata gani ina wateja wachache kuliko inavyostahili, ili kioski kipya cha maji kijengwe huko, hana budi kugawanya idadi ya wateja wa kila kata kwa idadi ya watu wake. Wateja 60 wa kata moja wakihesabiwa kwa makosa katika kata jirani, jirani huyo ataonekana ameshiba maji hali ana kiu, na kioski kitakwenda kwingine. Swali basi ni hili: kompyuta, ambayo haioni ramani, hutambuaje kwamba nukta fulani imo ndani ya mpaka fulani?

Njia mbili zisizotosha

Njia ya kwanza inayomjia mtu ni kumpa mteja kata ambayo ofisi yake iko karibu naye zaidi. Njia hii hukosea mara nyingi, kwa sababu mipaka ya kata haikuchorwa kwa kupima umbali kutoka ofisini. Katika nchi ya milima na mabonde kama Rungwe, mpaka waweza kufuata mto, na nyumba iliyo ng'ambo ikawa karibu na ofisi isiyo yake.

Njia ya pili ni kuchora mstatili mdogo kabisa unaoizunguka kata, kisha kuuliza kama longitudo na latitudo za mteja zimo kati ya kingo zake. Hesabu yake ni nyepesi, lakini kata si mstatili. Ina pembe zilizochomoza na ghuba zilizoingia ndani, na mistatili ya kata jirani hupandana. Mstatili unaweza kutuambia kwa hakika nani hayumo. Hauwezi kutuambia nani yumo.

Kanuni yenyewe

Mpaka wa kata huhifadhiwa kama pembenyingi, yaani orodha ya vipeo vilivyounganishwa kwa pande zilizonyooka mpaka kurudi kwenye kipeo cha kwanza. Sasa simama kwenye nukta ya mteja na utembee moja kwa moja kuelekea mashariki bila kukoma. Kila unapovuka mpaka, hali yako hubadilika: ukiwa ndani unatoka, ukiwa nje unaingia. Mwisho wa safari ni lazima uwe nje, kwa kuwa kata ina kikomo. Kwa hiyo, iwapo umevuka mara witiri (1, 3, 5), ulianzia ndani. Iwapo umevuka mara shufwa (0, 2, 4), ulianzia nje.

Kwamba mstari uliofungwa usiojikata huigawa bapa katika sehemu mbili tu, ya ndani na ya nje, ni jambo linaloonekana dhahiri kwa jicho. Hata hivyo linahitaji kuthibitishwa, na mwanahisabati Mfaransa Camille Jordan alichapisha uthibitisho wake mwaka 1887.

Mfano kwa namba

Ichukuliwe kata ya kubuni yenye vipeo vitano, vilivyopimwa kwa kilometa kuelekea mashariki (x) na kaskazini (y) kutoka kona yake ya kusini-magharibi: A(0,0), B(6,1), C(5,5), D(3,2) na E(1,6). Msomaji akiichora kwenye karatasi ya miraba ataona ghuba kubwa upande wa kaskazini, kati ya C na E, ambayo ncha yake ni D.

Mteja wa kwanza yuko P(2,3). Pande zinazokatwa na mstari wa y = 3 ni zile ambazo kipeo kimoja kiko juu ya 3 na kingine hakiko juu yake: BC, CD, DE na EA. Mahali pa kukatana hupatikana kwa uwiano wa kawaida wa mstari ulionyooka. Kwa upande BC, kutoka y = 1 hadi y = 5, x hupungua kutoka 6 hadi 5; basi penye y = 3, x = 5.5. Kwa njia hiyo hiyo, CD hukatwa penye x = 3.67, DE penye 2.5, na EA penye 0.5. Zilizo mashariki ya mteja, yaani zenye x kubwa kuliko 2, ni tatu. Tatu ni witiri: mteja yumo.

Mteja wa pili yuko Q(3,4). Pande zile zile hukatwa penye 5.25, 4.33, 2 na 0.67. Zilizo mashariki yake ni mbili tu. Mbili ni shufwa: mteja yuko nje, ndani ya ghuba, ingawa mstatili wa kata ungemkubali bila shaka.

Mtego wa kipeo

Mteja wa tatu, R(1,2), hufichua tatizo linalowapata wengi wanaoandika hesabu hii kwa mara ya kwanza. Mstari wake wa kwenda mashariki hupita juu ya kipeo D hasa. Anayehesabu mahali pa kukatana kwenye ramani ataona sehemu mbili, D na upande BC, naye atasema mteja yuko nje. Jawabu hilo si sahihi, maana R yumo ndani.

Dawa yake imekwisha kutajwa katika mfano wa kwanza: upande huhesabiwa iwapo kipeo chake kimoja kiko juu ya mstari, na kingine kiko chini yake au juu yake barabara. Kwa kanuni hii D hufikiriwa kuwa chini. Upande CD unahesabiwa, upande DE nao unahesabiwa, na pamoja na BC zinakuwa tatu. Uzuri wa kanuni ni kwamba hata upande uliolala sawasawa mashariki-magharibi huachwa wenyewe, kwa sababu vipeo vyake viwili viko hali moja.

Katika jedwali la kompyuta

Katika Excel, andika x za vipeo katika A2 hadi A6 na y zake katika B2 hadi B6, kisha rudia kipeo cha kwanza katika mstari wa 7 ili pembenyingi ifungwe. Majira ya mteja yawe E2 na F2. Fomula ni hii:

```
=MOD(SUMPRODUCT((($B$2:$B$6>F2)<>($B$3:$B$7>F2))
*(E2<$A$2:$A$6+(F2-$B$2:$B$6)*($A$3:$A$7-$A$2:$A$6)
/($B$3:$B$7-$B$2:$B$6+($B$3:$B$7=$B$2:$B$6)))),2)
```

Jibu 1 maana yake ni ndani, 0 ni nje. Sehemu ya kwanza huuliza kama upande unavuka mstari. Ya pili huuliza kama mahali pa kuvuka pako mashariki ya mteja. MOD hutenganisha witiri na shufwa. Nyongeza iliyo mwishoni mwa kigawanyo huzuia kugawanya kwa sifuri pale upande unapolala.

Fomula hii inatosha kwa kata chache zenye vipeo vichache. Mpaka halisi waweza kuwa na vipeo mamia, na hapo inafaa kutumia hifadhidata. Katika PostgreSQL yenye PostGIS, amri huwa hivi:

```
SELECT w.namba, k.jina
FROM wateja w
LEFT JOIN kata k
  ON ST_Covers(k.eneo, w.nukta);
```

Maeneo yakiwekewa faharasa, hifadhidata hutumia kwanza mistatili, ambayo hapo juu ilionekana haitoshi peke yake, ili kuondoa haraka kata zisizohusika. Ndipo hupima kwa makini zile chache zilizobaki. Neno LEFT lisiachwe, kwani bila hilo mteja asiyeangukia kata yoyote hufutika kimya kimya katika orodha.

Makosa na dalili zake

Kosa la kawaida ni kubadilisha nafasi za longitudo na latitudo. PostGIS hutaka longitudo kwanza, kwa Tukuyu 33.65 na kisha -9.25. Zikigeuzwa, mteja huonekana katika bahari ya Atlantiki, magharibi ya Moroko. Alama ya kutoa ikisahauliwa, huonekana kaskazini ya ikweta, karibu na mpaka wa Sudani Kusini na Ethiopia. Makosa haya ni rahisi kugundua, kwa kuwa wateja wote hukosa kata.

Kosa la hatari zaidi ni lile dogo. Ramani za zamani za Tanzania zilijengwa juu ya msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, hali setilaiti hutumia WGS 84. Mpaka ulionakiliwa kutoka ramani hizo bila kugeuzwa huwa umesogea mita 200 na zaidi kwa upande mmoja. Hapo kila mteja hupata kata, na hakuna kinachoonekana kuharibika. Bali walio pembezoni hupewa kata isiyo yao. Dalili yake ni kwamba mito iliyo katika faili la mipaka hailingani na mito inayoonekana katika picha za setilaiti, na tofauti hiyo ni ya mwelekeo ule ule kila mahali.

Hali kadhalika, mipaka hubadilika. Eneo la Busokelo, lenye kata kama Lwangwa na Kandete, sasa lina halmashauri yake ndani ya Wilaya ya Rungwe. Faili la zamani litawaweka wakazi wake chini ya Halmashauri ya Rungwe. Basi faili la mipaka na takwimu za watu ni lazima viwe vya sensa moja. Takwimu za sensa ya 2022 zisigawanywe kwa mipaka ya 2012.

Kuna na wale walio karibu mno na mpaka. Simu mahali pa wazi hukosea mita kadhaa, na chini ya migomba au ubavuni mwa mlima hukosea zaidi. Mteja aliye mita 10 kutoka mpakani hawezi kugawiwa kwa hakika na hesabu yoyote. Atiwe alama, na msoma dira amuulize mwenyekiti wa kitongoji.

Mwishowe orodha ihesabiwe. Iwapo wateja walikuwa 2,000 na mistari imekuwa 2,003, wapo waliopewa kata mbili, ama kwa kuwa wako juu ya mpaka wenyewe, ama kwa kuwa mipaka ya kata mbili imepandana. Iwapo mistari ni 2,000 lakini baadhi haina jina la kata, kuna mwanya kati ya mipaka au majira mabaya.

Zoezi: Kwa kata ile ile ya mfano, onyesha kwa hesabu kwamba mteja S(4,3) huvuka mpaka mara moja tu akielekea mashariki. Kisha mpeleke magharibi badala ya mashariki, uone kama jawabu linabadilika.