Jina Hujulikana kwa Utosi Wake

Gatina, kule Kawangware, nilimkuta muuza magazeti amepanga mali yake chini, gazeti juu ya gazeti, hata majina ya nyuma yakawa yanachungulia kwa ncha za juu tu. Wanunuzi hawakukosea. Ndipo nikakumbuka mtihani wa wachora majina: funika nusu ya chini ya herufi kwa karatasi. Jina likisomeka, limefaulu. Ukifunika nusu ya juu, utababaika.

Mtego wa pili ni nafasi. Chukua jina TAIFA LEO kwa herufi kubwa. Ukiipa T na A mwanya uleule wa I na F kwa rula, jicho litaona pengo, maana mkono wa T unaning'inia na A imechongoka juu. Isogeze A iingie chini ya mkono ule. O nayo, ikiwa kimo kimoja na E, huonekana fupi. Sharti ipite unywele juu na chini.

Chuoni twalifunzwa kupima alifu kwa nukta za kalamu, kisha mwalimu akaikagua kwa jicho. Ndivyo hapa.

Tena karatasi ya gazeti hunywa wino: tundu dogo la A huziba. Liache pana.

Likishazoeleka, usiliguse ovyo. New York Times mwaka 1967 liliondoa nukta mwishoni mwa jina lake, lakini likabaki na herufi zake za Kigothi. Msomaji, ndugu yangu, hatafuti maneno. Atafuta sura aijuayo.