Milioni nne zilizopotea bila kupotea

Tarehe 30 Juni jioni, leja ya hoteli moja ndogo ya Arusha inasema benki kuna shilingi 21,180,000. Taarifa ya benki ya siku hiyohiyo inasema 25,476,900. Tofauti ni 4,296,900, na hakuna aliyeiba wala aliyeweka. Hoteli hii nimeibuni ili hesabu zake ziwe fupi, ila makosa na makato yake ni yale yale yanayoonekana mwisho wa kila mwezi kwa yeyote anayeshika vitabu.

Hoteli inatumia ERPNext, mfumo wa ERP wa chanzo huria ambao unaweka mauzo, manunuzi, mishahara na leja mahali pamoja. Mhasibu akiandika hundi, mfumo unapunguza salio la benki kwenye leja papo hapo, hata kama hundi yenyewe bado imo kwenye droo ya muuza nyama. Kwa hiyo salio la leja linaeleza yale kampuni inayoyajua, na taarifa ya benki inaeleza yaliyokwisha kupita kaunta ya benki. Kusuluhisha ni kueleza kila shilingi iliyo kati ya hayo mawili. Haitoshi tofauti iwe sifuri. Sifuri inaweza kulazimishwa, na tutafika huko.

Hatua ya kwanza ni kuiingiza taarifa ya benki ndani ya mfumo. Usikubali PDF kama unaweza kupata Excel au CSV, maana kunakili kwa mkono ndiko kunakozaa tarakimu zilizobadilishana nafasi, 586 ikawa 568. (Ukikuta tofauti inayogawanyika kwa 9 bila baki, anza kutafuta kosa la namna hiyo.) Faili la hoteli yetu, nikichukua mistari michache tu, linafanana na hili:

```
Date,Description,Deposit,Withdrawal
2025-06-12,POS SETTLEMENT 11JUN,1950000,
2025-06-18,TISS CHARGE,,11800
2025-06-18,TISS CHARGE,,11800
2025-06-24,TISS CHARGE,,11800
2025-06-30,MONTHLY FEE,,17700
```

Kabla ya kupakia, chukua salio la mwanzo la benki, ongeza fedha zote zilizoingia, toa zote zilizotoka, uone kama unapata salio la mwisho lililochapwa. Usipolipata, faili lina mstari uliokatika au uliojirudia, na huna sababu ya kuendelea. Mtego wa kawaida ni kupakia tarehe 1 hadi 15, kisha wiki mbili baadaye kupakia 15 hadi 30, hivyo miamala ya tarehe 15 ikaingia mara mbili.

Baada ya hapo mhasibu anafungua `Bank Reconciliation Tool`, anachagua akaunti, anaweka tarehe za mwezi na salio la mwisho la benki. Skrini inamwonyesha salio la benki, salio la mfumo, na tofauti kati yake. Chini kuna mistari ya benki ambayo bado haijapata mwenzake. Kila mstari unatafutiwa vocha iliyokwisha kuandikwa: malipo kwa msambazaji, stakabadhi ya mgeni, au ingizo la jonali. Mfumo unapendekeza kwa kuangalia kiasi, namba ya kumbukumbu na jina la mhusika, na ile iliyolingana vizuri zaidi inapanda juu ya orodha.

Hapa ndipo ninapomwonya kila anayejifunza: kiasi kulingana si ushahidi. Hoteli inamlipa muuza mboga 250,000 mara mbili au tatu kwa mwezi. Ukiunganisha mstari wa tarehe 10 na vocha ya tarehe 17, jumla haitaathirika hata kidogo, na siku muuza mboga akidai hakulipwa kwa ankara fulani utashindwa kumjibu. Namba ya kumbukumbu ndiyo inayofunga mjadala. Ndiyo maana iandikwe kwenye vocha siku ya malipo, ikiwa ni namba ya hundi au ya muamala, wala isiachwe wazi kwa ahadi ya kujazwa baadaye. Kitufe cha kuoanisha chenyewe katika ERPNext hutegemea hasa namba hiyo. Pasipo namba, kazi yote inarudi kwenye macho ya mtu.

Vocha ikishaoanishwa, mfumo unaiandikia tarehe ya kupita benki. Tarehe hiyo ndogo ina kazi kubwa. Ripoti ya `Bank Reconciliation Statement` inaorodhesha vocha zote ambazo, kufikia siku uliyoichagua, zilikuwa hazijapita. Kwenye hoteli yetu iliyobaki ni moja: hundi ya 2,400,000 iliyoandikwa tarehe 27 Juni kwa fundi wa paa, ambaye hajaipeleka benki. Hii haiandikiwi chochote. Leja iko sahihi, benki iko sahihi, kinachotofautiana ni muda tu. Wapo wanaoifuta hundi kama hiyo ili vitabu vifanane na benki; mwezi unaofuata fundi anaichukua fedha yake na vitabu vinaharibika upya.

Kwa hiyo milioni 2.4 imeshaelezwa. Inabaki 1,896,900, na sehemu kubwa yake imetoka kwenye mashine ya kadi.

Tarehe 11 Juni wageni watatu walilipa kwa kadi: 850,000, 640,000 na 510,000, jumla milioni 2. Kesho yake benki ikaweka mstari mmoja wa 1,950,000, ikiwa imeshajikatia kamisheni ya asilimia 2.5 ya mfano wetu. Mhasibu anayeandika stakabadhi tatu moja kwa moja kwenye akaunti ya benki atajikuta na vocha tatu zisizolingana na mstari wowote. Yule mwenye uzoefu anafungua akaunti ya kupitishia, aipe jina la wazi kama Fedha za Kadi Zilizo Njiani, na stakabadhi zote za kadi ziende huko. Benki ikishaweka fedha, anaandika jonali moja: benki inapokea 1,950,000, gharama ya kamisheni inapokea 50,000, na akaunti ya kupitishia inapunguzwa milioni 2 kamili. Upande wa benki wa jonali hiyo sasa unalingana na mstari wa taarifa shilingi kwa shilingi.

Faida nyingine inaonekana unapoitazama akaunti ya kupitishia yenyewe. Kabla ya jonali ilikuwa na milioni 3. Baada yake imebaki milioni 1. Je, milioni hiyo inaeleweka? Ndiyo, ni mauzo ya kadi ya tarehe 29 Juni, Jumapili, ambayo benki iliyaweka Julai. Kama salio lingekuwa na hata 40,000 isiyo na mauzo nyuma yake, ungejua kuna malipo ya kadi ambayo benki haikuyaleta, au kamisheni iliyozidi ile ya mkataba. Wenye hoteli wengi hawaijui kamisheni yao halisi kwa sababu wanarekodi kilichofika benki kana kwamba ndiyo mauzo. Kwa namna hiyo mauzo yanaonekana madogo, gharama haionekani kabisa, na ankara ya mgeni inabaki ikidai shilingi elfu kadhaa ambazo mgeni alishalipa.

Yaliyobaki ni makato ya benki yenyewe, mistari minne yenye jumla ya 53,100. Haya hayakuwa na vocha kwa sababu hakuna mtu hotelini aliyeyaamua. Mtu anayajua kwa kusoma taarifa tu. Kwenye mstari husika mhasibu anachagua `Create Voucher`, kisha `Journal Entry`, anaingiza Gharama za Benki upande wa pili, na mfumo unaandika na kuoanisha kwa mkupuo mmoja. Tarehe ya ingizo ni ile ya mstari wa benki, siyo siku aliyoligundua, ili gharama ya Juni ikae Juni. Kama Juni imeshafungwa, ataiandika siku ya kwanza iliyo wazi na kueleza kwenye maelezo ya vocha. Kuhusu VAT iliyomo ndani ya ada, asiitenganishe kwa kukisia. Mstari wa taarifa ya benki si ankara ya kodi. Akishaipata ankara kutoka benki ndipo agawe.

Ila kurekodi kato bila kulihoji ni nusu ya kazi. Ada tatu za TISS, mfumo wa Benki Kuu ya Tanzania wa kuhamisha fedha kati ya benki, zinadai kuwepo uhamisho mara tatu. Mhasibu anahesabu vocha zake: tarehe 18 aliwalipa wauza vitanda, tarehe 24 akamlipa wakili. Ni mara mbili tu. Je, mstari umejirudia wakati wa kupakia? Anarudi kwenye taarifa iliyochapwa na kuangalia safu ya salio: salio lilishuka kwa 11,800, kisha likashuka tena kwa 11,800. Basi benki imekata kweli mara mbili.

Kato hilo la pili haliendi Gharama za Benki. Linaandikwa kwenye wadaiwa, benki ikiwa ndiyo mdaiwa, na barua ya madai inatumwa ikiwa na nakala ya ukurasa. Salio la leja linashuka vilevile, ila gharama ya mwezi inakuwa 41,300 na dai la 11,800 linabaki wazi hadi lijibiwe.

Sasa hesabu: 21,180,000, ongeza 1,950,000, toa 53,100, leja inasoma 23,076,900. Upande wa benki, 25,476,900 ukitoa hundi ya fundi inabaki 23,076,900.

Nilisema sifuri inaweza kulazimishwa. Njia rahisi kuliko zote ni kuandika jonali moja ya kiasi kilichobaki, kuipeleka Gharama za Benki na kwenda nyumbani. Akaunti hiyo haikaguliwi mara nyingi, na jina lake linatosha kumtuliza meneja. Kwa mkaguzi alama ziko wazi: ingizo la siku ya mwisho ya mwezi, lisilo na mstari wa benki uliounganishwa, lenye maelezo kama “marekebisho”, na kiasi kisichogawanyika kwa ada yoyote iliyo kwenye bei za benki. Baya zaidi, tofauti ndogo inaweza kuwa makosa mawili makubwa yanayofichana: stakabadhi ya 900,000 iliyosahaulika na malipo ya 905,000 yasiyorekodiwa huacha 5,000 tu kwenye skrini.

Mifumo mingine inapunguza kazi ya kuandika. Odoo, kwa mfano, inakuruhusu kuweka kanuni: mstari wenye maneno fulani upelekwe akaunti fulani. Ningeiweka kanuni hiyo kwa ada ya mwezi pekee, na ningeiwekea kikomo cha kiasi, 17,700 bila kuzidi. Kwa ada za kila muamala ningeacha mtu ahesabu, maana kanuni ingezimeza ada zote tatu za TISS bila kuuliza uhamisho wa tatu uko wapi.

Tarehe 9 Julai kwenye taarifa ya hoteli kuna mstari wa kuingia wa 11,800 wenye maelezo `REV TISS CHARGE`. Mhasibu anauandikia vocha dhidi ya dai lake, na akaunti ya mdaiwa inafunga.