Kitufe Kimebonyezwa, Upanga Haujainuka

Mchezaji wa gemu anabonyeza kitufe cha kushambulia. Mhusika kwenye skrini anaendelea kupumua taratibu, kifua kikipanda na kushuka kana kwamba hakuna adui, na upanga unakuja kuinuka wakati adui ameshampiga. Akijaribu tena, safari hii upanga unatii papo hapo. Kutii huku kwa bahati ndiko kunakompoteza mtengenezaji. Anailaumu simu, anailaumu kodi yake, pengine hata kitufe chenyewe, ilhali kosa limejificha kwenye kisanduku kimoja chenye tiki ambayo yeye hakuiweka.

Tuchukue Unity, injini inayotumiwa na watengenezaji wengi wa gemu za simu. Ndani yake miondoko ya mhusika hupangwa kwenye dirisha liitwalo Animator. Kila mwondoko ni hali: kutulia, kukimbia, kupiga. Kati ya hali na hali huchorwa mshale, na mshale huo ndio mpito. Mpito hufunguliwa na vitu viwili. Cha kwanza ni masharti, yaliyo chini ya neno `Conditions`, ambayo hutegemea vigezo vinavyobadilishwa na kodi, kwa mfano "mchezaji ameamuru kupiga". Cha pili ni `Exit Time`, yaani hatua ya mwondoko wa sasa ambapo mhusika anaruhusiwa kutoka. Hatua hiyo haiandikwi kwa sekunde bali kwa sehemu ya klipu: 0.5 ni katikati, 1 ni mwisho.

Ukichora mshale mpya, Unity yenyewe huweka tiki kwenye `Has Exit Time`. Vilevile huipanga namba yake ili mchanganyiko wa miondoko miwili, ambao kwa kawaida huchukua robo sekunde, ukamilike pale klipu inapoisha. Kwa klipu ya sekunde 1 utakuta 0.75, kwa klipu ya sekunde 2 utakuta 0.875.

Wengi hudhani kwamba tiki hiyo ikiwepo pamoja na sharti, lolote litakalotangulia litafungua njia. Sivyo. Lazima vyote viwili vikutane, tena vikutane kwenye fremu moja, kwa sababu `Exit Time` hutimia katika fremu ile tu ambayo klipu inaivuka hatua iliyowekwa. Fremu inayofuata, nafasi imefungwa, na ikiwa klipu inajirudia, itafunguka tena kwenye mzunguko ujao. Ni kama kivuko: kuwa na nauli hakutoshi, sharti uwe gatini kinapong'oa nanga, la sivyo utasubiri kingine.

Sasa tupige hesabu. Mhusika ana klipu ya kutulia ya sekunde 2 inayojirudia, na mshale wa kwenda kupiga una `Exit Time` ya 0.875, sawa na sekunde 1.75 tangu mzunguko uanze. Mchezaji akibonyeza kwenye sekunde 0.25, atasubiri sekunde 1.5 nzima kabla mpito haujaanza. Akibonyeza kwenye sekunde 1.7, atasubiri sehemu ndogo sana ya sekunde, na ataapa kwamba gemu haina kasoro. Akibonyeza kwenye sekunde 1.8, nafasi imeshapita. Inayofuata iko sekunde 3.75, kwa hiyo anangoja karibu sekunde 2. Kidole kimoja, kitufe kimoja, majibu matatu.

Jinsi kasoro hii inavyojionyesha hutegemea aina ya kigezo, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye ufunguo wa kuitambua. Kigezo cha `Bool` ni kweli au si kweli kwa wakati huo. Ikiwa kodi inakifanya kuwa kweli pale tu kitufe kinaposhikiliwa, na mchezaji akakiachia kabla ya sekunde 1.75, amri imepotea. Upanga hauinuki kabisa. Kigezo cha `Trigger` kina tabia nyingine. Kikishawashwa, hubaki kimewaka mpaka mpito fulani ukitumie au kodi ikizime. Amri haipotei, ila inachelewa. Kwa hiyo amri zikimezwa, shuku `Bool`. Zikija kwa kuchelewa, shuku `Trigger`. Kwa vyote viwili chanzo kinaweza kuwa tiki ileile.

Hiyo tabia ya `Trigger` ya kukumbuka huleta balaa hata pasipo `Exit Time`. Tuseme kuna mshale kutoka kutulia kwenda kupiga, lakini hakuna wa kutoka kukimbia. Mchezaji anabonyeza huku akikimbia, na hakuna kinachotokea. Baadaye anasimama, mhusika anarudi kwenye kutulia, na ghafla anaufyeka upepo bila kuamriwa. Amri ile ya zamani ilikuwa bado imewaka. Dawa ni kuchora mshale unaokosekana, au kuizima amri iliyochakaa:

```csharp
if (anakimbia)
    animator.ResetTrigger("Piga");
```

Kwenye mshale wa kutoka kutulia kwenda kupiga, ondoa tiki ya `Has Exit Time`, bakiza sharti, na upunguze `Transition Duration` hadi 0.1 au chini yake. Usiondoe tiki ukasahau sharti, maana mshale usio na lolote kati ya hivyo viwili Unity huupuuza kabisa. Mshale wa kurudi, kutoka kupiga kwenda kutulia, ni kesi ya kinyume: huko `Exit Time` inahitajika, kwa kuwa pigo linapaswa kufika mwisho, na sharti halina kazi. Ukiongeza sharti huko, kwa mfano kwamba kitufe kiwe kimeachiwa, na klipu ya kupiga ikawa inajirudia, mchezaji atakayechelewa kidogo kuachia kitufe atajikuta anapiga mara mbili. Kanuni yangu ni fupi: mwondoko unaoanzishwa na kidole, usiuwekee saa, unaojimaliza wenyewe, upe saa na usiuwekee sharti.

Zipo namba zinazomnasa mhusika moja kwa moja. `Exit Time` inaweza kuzidi 1, 3.5 humaanisha mizunguko mitatu na nusu. Lakini yenye kuzidi 1 hupimwa mara moja tu. Ukiiambatanisha na sharti ambalo halijatimia dakika hiyo, hakuna mzunguko mwingine wa kuiokoa.

Ili usibahatishe, endesha gemu ndani ya Unity huku dirisha la Animator likiwa wazi na mhusika amechaguliwa. Hali inayochezwa huonyesha mstari wa buluu unaosonga, na vigezo huonekana vikiwaka na kuzimika. Bonyeza kitufe uangalie. Alama ya `Trigger` ikibaki imewaka huku mstari ukisonga, kisha mpito ukaanza mahali palepale pa mstari kila mara, ni `Exit Time`. Mpito ukianza mara moja lakini mwili ukachelewa kugeuka, tatizo ni urefu wa mchanganyiko. Hapo angalia `Fixed Duration`: bila tiki hiyo, 0.25 si robo sekunde bali robo ya klipu, na kwa klipu ya sekunde 4 hiyo ni sekunde nzima.

Na mstari ukiwa umeganda kabisa, chunguza kasi. Gemu nyingi husimamishwa kwa kuweka `Time.timeScale` kuwa 0, na menyu yenye miondoko ikifunguliwa wakati huo, klipu zake hazisogei, kwa hiyo hatua ya kutoka haifikiwi kamwe. Kwa menyu hiyo, badilisha `Update Mode` ya Animator yake iwe `Unscaled Time`.