Swali Moja kwa Aliyeripoti Hitilafu
"Programu inajifunga nikituma picha." Ripoti imeishia hapo, na kwenye simu ya fundi picha inakwenda bila shida. Akijibu "toa maelezo zaidi", mtumiaji hajui aanzie wapi. Afadhali aandike:

"Asante. Nimetuma picha ya galari kwenye Android 14, haikujifunga. Yako uliipiga papo hapo kwa kamera, au ulichagua ya zamani? Wakati nasubiri, napitia msimbo wa kamera."

Swali hilo hujibika hata mtu akiwa garini. Tena si la kubahatisha: kamera ikifunguka, simu yenye kumbukumbu finyu huweza kuiua programu iliyobaki nyuma, nayo ikirudi huenda isikumbuke ilipoishia. Jibu likiwa "kamera", fundi huwasha `Don't keep activities` kwenye mipangilio ya wasanidi, ajaribu tena kwa kamera, na hitilafu huweza kumtokea mezani kwake.