Nepi na Mizani: Kujua Kama Kichanga Anashiba

Usiku wa pili au wa tatu baada ya kujifungua ndipo nyumba nyingi huanza kuulizana kama lile duka la dawa la jirani linauza maziwa ya kopo. Mtoto ananyonya, anasinzia, baada ya robo saa anaamka akilia na kutaka tena. Matiti ya mama bado ni laini. Mama mkwe anatikisa kichwa. Wifi anakumbusha kwamba mwanawe alipewa maji ya glukosi akalala hadi asubuhi. Wote wanamtakia mtoto heri, ila wanatazama mahali pasipo na jibu. Kilio hakielezi mtoto ameingiza kiasi gani tumboni, wala ulaini wa titi hauelezi. Hata maziwa machache yanayotoka mama akijaribu kukamua si kipimo, kwa kuwa mtoto aliyeshika titi vizuri huyatoa maziwa kuliko mkono au pampu. Kinachosema kweli ni kile kinachotoka kwa mtoto mwenyewe, na kikitia shaka, mizani.

Siku ya kwanza maziwa ni ya manjano, mazito na machache sana: kila mnyonyo huenda ukampa mtoto kijiko cha chai kimoja, pengine pungufu. Hiyo ndiyo dang'a, na kwa mtoto mzima aliyetimiza miezi yake inatosha, kwa sababu amezaliwa na akiba ya maji na mafuta mwilini. Maziwa mengi huanza kujaa kati ya siku ya pili na ya nne. Kwa mama wa uzazi wa kwanza, aliyefanyiwa upasuaji au mwenye kisukari yanaweza kuchelewa zaidi. Kule kunyonya mfululizo usiku ndiko kunakoyaita, na mtoto akishibishwa maji ya glukosi anaacha kuita. Ndiyo maana akalala.

Sasa nepi. Siku ya kwanza tegemea nepi moja yenye mkojo, ya pili mbili, ya tatu tatu, ya nne nne. Kuanzia siku ya tano ziwe 6 au zaidi kwa saa 24, nzito, na mkojo uwe wa rangi hafifu usio na harufu kali. Hesabu kwa siku nzima, usiku ukiwemo, kwa maana wapo vichanga wanaokojoa zaidi usiku kuliko mchana.

Kwa nepi ya kitambaa kazi ni rahisi, kwani unaiona imelowa na unaishika ikiwa na uzito. Pampasi ndiyo inayodanganya. Inanyonya mkojo mdogo hadi ngozi ya mtoto inabaki kavu, na mama anaapa kwamba hajakojoa tangu alfajiri. Chukua pampasi mpya, mimina ndani yake vijiko 3 vya chakula vya maji, kisha iweke kwenye kiganja kimoja na nyingine kavu kwenye kiganja cha pili. Mkono ukishaijua tofauti hiyo hausahau. Wengine hutandika kipande cha khanga kuukuu kilichofuliwa vizuri ndani ya pampasi kwa siku chache za mwanzo, ili waone kwa macho. Ni mbinu nzuri na haina gharama.

Katika siku mbili za kwanza unaweza kuona doa la rangi ya waridi au la tofali kwenye nepi. Hizo ni chembe za mkojo mzito, na wakati huo hazina shida. Zikionekana bado siku ya nne au ya tano, mtoto anakosa maziwa ya kutosha. Usizichanganye na damu kidogo inayoweza kumtoka mtoto wa kike ukeni katika juma la kwanza. Hiyo huletwa na homoni za mama na huisha yenyewe.

Lakini mkojo peke yake usikutulize. Mtoto anaweza kukojoa kwa siku kadhaa kwa kutumia maji aliyozaliwa nayo, hasa kama mama alitundikiwa dripu nyingi wakati wa uchungu. Na nyumba inayompa maji kijiko kwa kijiko itaona nepi zimelowa vizuri huku mtoto akizidi kukonda. Mimi ningeambiwa nichague ishara moja tu ya nyumbani, ningechagua choo. Choo cha kwanza ni cheusi na kinanata kama lami, nacho kilijikusanya tumboni kabla ya kuzaliwa. Ni maziwa yanayokisukuma nje. Kufikia siku ya tatu au ya nne kinapaswa kugeuka kijani cha majani makavu, na siku ya tano kiwe cha manjano, laini, chenye punje ndogondogo, mara 3 au 4 kwa siku na hata zaidi. Majirani wanaweza kukwambia hilo ni tumbo la kuendesha. Kwa kichanga anayenyonya titi tu, ndivyo kinavyotakiwa kiwe. Choo kikibaki cheusi siku ya tano, usisubiri ya sita. Mpeleke mtoto apimwe uzito na atazamwe anavyonyonya.

Kila mtoto hupungua uzito baada ya kuzaliwa, na jambo hili lisipoelezwa mapema huwatia wazazi hofu bure. Hutoa maji ya ziada na choo cheusi kabla maziwa hayajajaa. Wengi hufika chini kabisa siku ya tatu au ya nne. Kupungua hadi asilimia 7 ni kwa kawaida. Kati ya 7 na 10, mkunga anapaswa kukaa na mama atazame mtoto anavyoshika titi. Ikivuka 10, daktari amwone siku hiyohiyo. Hesabu yake haihitaji kalamu: toa sifuri moja ya mwisho kwenye uzito wa kuzaliwa kwa gramu. Aliyezaliwa na gramu 3,200 asipungue kwa gramu 320, yaani asifike 2,880.

Akishaanza kupanda, huongeza gramu 20 hadi 30 hivi kwa siku, na wengi huurudia uzito wao wa kuzaliwa kati ya siku ya 10 na ya 14. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama na mtoto waonwe ndani ya saa 24 za mwanzo, tena kati ya saa 48 na 72, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14. Kwa habari ya maziwa, hudhurio la saa 48 hadi 72 ndilo lenye thamani kubwa, nalo ndilo rahisi kurukwa kwa sababu mama ametoka hospitali juzi tu na bado ana maumivu.

Mizani nayo ina mambo yake. Ile ya kuning'iniza, yenye suruali ya kitambaa, ambayo kliniki nyingi huitumia kwa watoto wakubwa, mara nyingi ina mistari ya gramu 100 kila mmoja. Kichanga aliyeongeza gramu 60 kwa siku mbili ataonekana hapo hajaongeza kitu, au ataonekana ameruka, kutegemea jicho la anayesoma. Omba mizani ya kulaza mtoto, ile ya dijitali au ya kusogeza uzito, inayosoma gramu 10 au 20. Mtoto awe uchi kabisa, maana nepi iliyolowa na sweta vinaweza kuongeza gramu 100 na ushei. Sindano au namba ianze kwenye sifuri. Na ikiwezekana mizani iwe ileile kila mara. Uzito wa hospitali ulikozaliwa mtoto na ule wa zahanati ya mtaani vinaweza kutofautiana bila mtoto kubadilika. Andikeni kwenye kadi tarehe na gramu zote, msiandike "3.2" pale palipo 3,180.

Tumchukulie mtoto wa kwanza wa mama mmoja, aliyezaliwa na gramu 3,200. Siku ya nne anasoma 2,900. Amepoteza gramu 300, zaidi kidogo ya asilimia 9. Tangu jana amelowesha nepi mbili, moja ina doa la tofali, na choo bado ni cheusi. Mama anasema ananyonya saa nzima kila mara. Muuguzi anawaweka wanyonyeshane mbele yake. Midomo ya mtoto imeshika chuchu tu, mashavu yanabonyea kwa ndani, na taya linakwenda harakaharaka bila kusimama. Hapo hakuna kumeza. Mtoto anayepata maziwa hufungua mdomo wazi, hubeba na sehemu ya weusi unaozunguka chuchu, na kila anapomeza taya hushuka, husimama kitambo kidogo, kisha hupanda. Ukisikiliza utasikia pumzi laini ya "kah".

Muuguzi anamsogeza mtoto, tumbo lake kwa tumbo la mama, kidevu kikiligusa titi. Anamwambia mama anyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa saa 24, amwamshe mtoto asipoamka mwenyewe ndani ya saa tatu, na baada ya kila mnyonyo akamue kwa mkono amnyweshe kwa kikombe kidogo kilicho safi. Maji hayamo kwenye maagizo hayo, wala chupa. Warudi baada ya siku mbili. Siku ya sita mizani inasoma 2,950, nepi tano zimelowa na choo kimekuwa kijani. Siku ya nane ni 3,010 na choo ni cha manjano. Siku ya 12 ni 3,140, na siku ya 14 amerudi 3,200. Laiti siku ya sita angebaki 2,900 au kushuka, hatua ingekuwa nyingine: kupimwa hospitali na kuongezewa maziwa kwa kiasi kinachopangwa na mtaalamu, kwanza ya mama yaliyokamuliwa, yasipotosha ndipo mengine. Kuongezewa huko ni tiba, na mama asikuonee aibu.

Hesabu hizi ni za mtoto aliyetimiza miezi na mwenye afya. Aliyezaliwa njiti, au chini ya gramu 2,500, husinzia mno na huchoka titini kabla hajashiba, hivyo hupangiwa ratiba yake na kupimwa mara nyingi zaidi.

Pia kuna watoto wanaodanganya kwa upole. Kichanga asiyepata maziwa si lazima alie. Baada ya siku mbili tatu za njaa huishiwa nguvu, akalala muda mrefu, na nyumba ikamsifu kwa utulivu. Mtoto asiyeamka kunyonya au aliyeacha kunyonya, mwenye mdomo mkavu au utosi uliobonyea, asiyekojoa kwa saa 12, mwenye manjano iliyofika viganjani na nyayoni, anayepumua kwa kasi, anayestuka kwa degedege, au mwenye joto la 37.5 na zaidi au lililo chini ya 35.5, hahesabiwi nepi wala hasubiriwi siku ya mizani. Anapelekwa hospitali saa hiyo, usiku ukiwa usiku, na njiani mama aendelee kumpa titi kama anaweza kumeza.