Stoo Yako, Oda Yake: Mgavi Anapopanga Chupa Zije Lini

Kiwanda kidogo cha sabuni ya maji kinaweza kuwa na mapipa yaliyojaa, wafanyakazi wamefika na umeme upo, kisha kazi ikasimama kwa sababu moja tu: chupa zimekwisha. Mwenye kiwanda anampigia simu anayemuuzia chupa. Anajibiwa kwamba kalibu ya chupa za nusu lita haiko mashineni wiki hii, asubiri. Mwezi unaofuata, kwa kuogopa aibu ile isimrudie, anaagiza chupa 30,000 kwa mkupuo. Stoo inajaa hadi mlangoni na fedha ambazo zingenunua kemikali zinalala ndani ya mifuko ya chupa tupu.

Upo utaratibu unaoweza kuwaondolea wote wawili adha hiyo. Mgavi mwenyewe ndiye anayefuatilia akiba iliyomo katika stoo ya mteja wake, na ndiye anayeamua lini alete mzigo na kiasi gani. Kiwanda hakitoi oda tena, bali hutoa taarifa. Mgavi naye hafanyi apendavyo, kwani wamekubaliana mipaka miwili: kiwango cha chini ambacho akiba ikikifikia lazima mzigo mpya uanze kuandaliwa, na kiwango cha juu ambacho haruhusiwi kukivuka.

Utaratibu huu ulipata umaarufu Marekani miaka ya 1980, pale kampuni ya Procter & Gamble ilipoanza kufuatilia akiba ya nepi za Pampers kwa niaba ya maduka ya Walmart. Kilichowasukuma ni jambo la kushangaza kidogo. Watoto hutumia nepi kwa kasi ileile wiki baada ya wiki, lakini oda zilizofika kiwandani zilipanda na kushuka kwa kishindo. Kila aliyekuwa katikati aliongeza kidogo kwa hofu ya kuishiwa, kisha akapunguza alipoona stoo imejaa. Mgavi alikuwa akiona hofu za wateja wake, haoni matumizi halisi.

Hesabu ya chupa

Tuchukue mfano wa kiwanda kinachojaza chupa 2,000 za nusu lita kwa siku, siku sita kwa wiki. Mgavi anahitaji siku nne za kazi kufunga kalibu, kutengeneza chupa na kuzifikisha. Katika siku hizo nne kiwanda kitatumia chupa 8,000. Juu yake waongeze kinga ya siku mbili, yaani chupa 4,000, kwa ajili ya umeme kukatika au gari kuharibika njiani. Kiwango cha chini kinakuwa chupa 12,000.

Kenta moja hubeba, tuseme, chupa 15,000 zikiwa kwenye mifuko. Mzigo ukianza kuandaliwa akiba ikiwa 12,000, siku utakapofika stoo itakuwa imebaki na 4,000. Ukijumlisha na zilizoletwa unapata 19,000. Kwa hiyo kiwango cha juu cha 20,000 kinatosha.

Sasa linganisha na zamani. Aliyekuwa akiagiza 30,000 kwa mkupuo alianza na chupa kama 34,000 stoo na kushuka taratibu hadi 4,000, wastani wa chupa 19,000 zikiwa zimelala. Kwa utaratibu mpya wastani ni 11,500. Tofauti ni chupa 7,500, na kama chupa moja inauzwa shilingi 250, hizo ni shilingi 1,875,000 zilizorudi kwenye mzunguko wa biashara. Gharama ya usafiri haikuongezeka, kwa sababu chupa 30,000 zilihitaji kenta mbili tangu mwanzo. Zilikuwa tu zikija siku moja.

Faida ya mgavi ni nyingine. Kubadilisha kalibu kunaweza kuchukua saa kadhaa ambazo mashine haitoi chupa hata moja. Akiona leo kwamba mteja huyu atafika kiwango cha chini Alhamisi na yule mwingine Jumamosi, anafunga kalibu ya nusu lita mara moja na kuwatengenezea wote wawili. Hiyo ndiyo nafuu yake, na ndiyo hoja ya kumwombea mteja bei nzuri au muda mrefu zaidi wa kulipa.

Taarifa za kila jioni

Watu wengi hudhani jambo hili linataka programu ya kompyuta ya gharama kubwa. Kwa kiwanda cha ukubwa huu, ujumbe mmoja wa simu kila jioni unatosha, mradi uwe na namba zote tano: akiba ya asubuhi, zilizopokelewa, zilizotumika, zilizoharibika na akiba ya jioni. Kwa mfano: asubuhi 14,600, zilizopokelewa hakuna, zilizotumika 2,050, mbovu 60, jioni 12,490. Mgavi akisoma hivyo anajua kwamba kesho mstari wa chini utavukwa, na kwamba kalibu inapaswa kupangiwa zamu.

Namba inayosahaulika zaidi ni ya chupa mbovu, na ndiyo inayoua utaratibu. Viwanda vingi huhesabu katoni za sabuni zilizotoka, kisha hupunguza idadi hiyohiyo ya chupa kwenye daftari. Chupa zilizopasuka, zilizopinda shingo au zilizomwagikiwa na lebo vibaya hazionekani katika hesabu hiyo. Zikiwa 60 kwa siku, baada ya siku 26 za kazi daftari linaonyesha chupa 1,560 ambazo hazipo. Kumbuka kwamba kinga yote ni chupa 4,000. Kabla mwezi wa tatu haujaisha, kinga imeisha kabisa huku ujumbe wa kila jioni ukisema hali ni shwari. Mgavi hana kosa. Amefuata namba alizopewa.

Dawa yake ni kuhesabu chupa kwa mikono mara moja kwa wiki, mtunza stoo akiwa na mtu wa pili ambaye si wa stoo, na kufungua mifuko michache kuhakiki kama kweli ina chupa 100 kila mmoja. Tofauti yenyewe hueleza chanzo chake. Ikiwa kila wiki chupa zinapungua kwa kiasi kinachokaribiana, kuna matumizi yasiyoandikwa, aghalabu chupa mbovu. Ikiwa wiki hii zinazidi na wiki ijayo zinapungua, tatizo liko kwenye uhesabuji. Pengo kubwa la ghafla linamaanisha mzigo ulioandikwa mara mbili, mzigo uliopokelewa bila kuhesabiwa, au wizi.

Namba za jana pekee hazitoshi, kwa sababu hazijui lililoko mbele. Kiwanda kikipata zabuni itakayokilazimu kujaza chupa 4,000 kwa siku, akiba ya 12,000 itadumu siku tatu, na mzigo unachukua siku nne. Ndiyo maana mpango wa uzalishaji wa wiki mbili zijazo unapaswa kwenda kwa mgavi kila Ijumaa, na badiliko lolote kubwa lisisubiri Ijumaa. Vivyo hivyo kwa vifuniko. Kama vinatoka kwa mgavi mwingine, mwenye kiwanda abaki akivilinganisha na chupa yeye mwenyewe, maana chupa 19,000 zenye vifuniko 3,000 ni kazi ya siku moja na nusu tu.

Penye hatari

Hatari ya kwanza iko kwenye swali la nani mwenye mali. Mgavi kupanga mzigo ni jambo moja, na chupa kuwa mali yake hadi zitumike ni jambo jingine. Zinaweza kupangwa na mgavi na bado ukazilipia zinaposhushwa. Zinaweza pia kukaa stoo kwako kwa mali kauli, ukalipia zile tu zilizotumika mwezi ule. Ukichagua mali kauli, andikeni nani atabeba hasara stoo ikiungua au kuingiwa na maji, na nani ataziandika kwenye bima. Ukichagua kulipia zinaposhushwa, linda kiwango cha juu kwa ukali, kwa sababu kila chupa iliyozidi ni fedha yako.

Hapo ndipo hatari ya pili inapoingia. Mgavi mwenye malengo ya mauzo anaweza kuisukumia stoo yako mzigo mwishoni mwa mwezi. Utamgundua kwa kuandika akiba ya kila jioni kwa miezi miwili. Akiba ya kawaida hupanda na kushuka kati ya mipaka yake. Ikiganda karibu na juu, hasa kila tarehe za mwisho, unalishwa usichokihitaji. Mkataba uruhusu kilichozidi kiwango cha juu kirudishwe kwa gharama ya aliyekileta.

Hatari ya tatu ni siri. Anayejua matumizi yako ya kila siku anajua pia biashara yako inapokua na inapolegea, na huenda anamuuzia chupa mshindani wako wa mtaa wa pili. Mpe matumizi, akiba na mpango wa wiki mbili. Majina ya wateja wako, bei unazouzia na mchanganyiko wa sabuni havimsaidii kutengeneza chupa, kwa hiyo visitoke. Hofu hii si ya viwanda vidogo peke yake. Kampuni ya tambi ya Barilla nchini Italia ilipopendekeza utaratibu huu kwa wasambazaji wake, wengi waligoma kwa kuogopa kunyang'anywa mamlaka juu ya maghala yao. Barilla ililazimika kwanza kuujaribu katika bohari yake yenyewe mjini Florence, ndipo ikawa na matokeo ya kuwaonyesha.

Kuna pia ugumu wa kujitoa. Baada ya mwaka mmoja kiwanda kinaweza kusahau hata namna ya kutafuta bei kwingine, na mgavi akalijua hilo siku ya kupandisha bei. Weka kipengele cha kuvunja mkataba kwa taarifa ya siku 30, na nunua sehemu ndogo ya chupa zako kwa mgavi wa pili ili mlango usifungwe. Weka pia muda wa taarifa kabla ya kubadilisha umbo la chupa, kwa kuwa mgavi anayetengeneza mapema kwa ajili yako hatakubali kubaki na mzigo usionunulika.

Anayetaka kujaribu aanze na bidhaa moja inayotumika kila siku kwa kasi isiyoyumba, kama chupa za nusu lita, kwa miezi mitatu. Lakini kabla ya kukaa mezani na mgavi, aingie stoo, ahesabu chupa moja moja, kisha alinganishe na daftari. Namba hizo mbili zisipokaribiana, asisaini chochote. Arekebishe stoo kwanza, kwa sababu mgavi mwaminifu aliyepewa namba ya uongo ataisimamisha kazi yako kama yule asiyepokea simu.