Kosa la Ramani Lina Anwani Yake

Karatasi za maswali ya Jiografia katika shule za msingi hazikosi swali la namna hii: “Kutoka shuleni, nenda kilomita 3 upande wa kaskazini mashariki. Utafika mahali gani?” Swali ni fupi, lakini linamtaka mwanafunzi atumie dira, skeli na ufunguo kwa mpigo. Akiteleza kwenye kimoja, atatua kwingine kabisa, na mahali hapo panaweza kumwonyesha mwalimu ni wapi alipoteleza.

Tuseme mwalimu amechora ramani ya kijiji kwa skeli ya 1:50,000. Ufunguo unaonyesha kuwa herufi S ni shule, Z ni zahanati, msalaba ni kanisa na duara dogo la buluu ni kisima. Mshale wa kaskazini unaelekea juu.

Kazi huanzia kwenye neno “kutoka”. Mwanafunzi aitafute S, kisha apitishe hapo mstari mwembamba wa penseli unaokwenda sambamba na mshale wa kaskazini. Kaskazini mashariki iko katikati ya kaskazini na mashariki, hivyo aweke kipimapembe juu ya S na kuhesabu nyuzi 45 kutoka kaskazini, akielekea mkono wa kulia. Hapo achore mstari wa safari.

Sasa umbali. Skeli ya 1:50,000 maana yake sentimita 1 kwenye ramani ni sentimita 50,000 ardhini, yaani mita 500. Kilomita moja basi ni sentimita 2, na kilomita 3 ni sentimita 6. Anaweka rula juu ya mstari, anapima sentimita 6 kutoka katikati ya S, na kukuta herufi Z. Ufunguo unamwambia ni zahanati. Jibu limepatikana.

Mtunzi hodari wa maswali haishii hapo. Kwenye mstari huohuo, sentimita 3 tu kutoka shuleni, anachora kisima. Kanisa analiweka sentimita 6 kutoka shuleni, lakini upande wa kusini magharibi. Akiletewa jibu la “kisima”, anajua kwamba mwanafunzi ameelewa upande ila amehesabu sentimita 1 kuwa kilomita 1. Akiletewa “kanisa”, anajua hesabu ni sahihi ila safari imegeuzwa. Kosa hili la pili hutokea sana pale swali linapobadilika kidogo: “Shule iko upande gani wa zahanati?” Hapo dira inawekwa kwenye zahanati, si shuleni, na jibu ni kusini magharibi. Dira huwekwa pale tunapotazamia.

Umbali nao una mtego wake. Kilomita 3 tulizopima ni za mstari ulionyooka, kama ndege anavyoruka. Swali likiuliza urefu wa barabara, rula haifai kwa sababu barabara ina kona. Mwanafunzi achukue uzi, aulaze juu ya barabara akifuata kila kona, kisha aunyooshe juu ya rula. Uzi ukifikia sentimita 7.6, barabara ina kilomita 3.8. Lakini upana wa barabara asiupime. Mstari wenye unene wa milimita 1 kwenye ramani hii ungekuwa na mita 50 ardhini, na barabara ya kijiji haiwi pana hivyo. Alama hunenepeshwa ili ionekane.

Kuna kosa jingine ambalo mwanafunzi hana lawama nalo. Ramani iliyochorwa kwenye karatasi ya A3 inapopunguzwa na mashine ya fotokopi ili itoshee A4, kila urefu hubaki takriban asilimia 70. Zahanati iliyokuwa sentimita 6 kutoka shuleni sasa iko sentimita 4.2, lakini maandishi bado yanasema 1:50,000. Mwanafunzi anayepima sentimita 6 anaipita zahanati na kutua porini pasipo na alama yoyote. Darasa zima likitua hapo, mwalimu aichunguze karatasi kabla ya kutoa alama.

Kama ramani ina miraba ya kilomita moja, uchunguzi ni wa haraka: kwa skeli ya 1:50,000 kila upande wa mraba unapaswa kuwa sentimita 2. Ukipata 1.4, nakala imepunguzwa. Tiba yake ni kuchora skeli ya mstari chini ya ramani, iliyogawanywa kwa kilomita, kabla ya kutoa nakala. Mstari huo hupungua pamoja na ramani, kwa hiyo kilomita 3 zilizopimwa juu yake zitaendelea kufika zahanati, hata ramani ikipunguzwa kiasi gani.